Kiinua mgongo, notisi na likizo: maswali ambayo watu wanauliza kila siku kuhusu hesabu ya mwisho kazini

Maswali haya ni ya mtu aliyeajiriwa sekta binafsi Tanzania Bara. Sheria inayotawala hapa ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, na namba za vifungu nazotaja ni za sheria hiyo ilivyotungwa, maana kwenye vitabu vya sheria vilivyorekebishwa baadaye unaweza kukuta namba imesogea. Kama swali lako limeshajibiwa sehemu nyingine nitakuelekeza huko badala ya kurudia.

## Mambo ya mwanzo

Kiinua mgongo ni nini hasa? Ofisini wanasema "tutakupa mafao yako", ndo hicho hicho?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanapopotea. Kiinua mgongo ni kipande kimoja tu kati ya vipande kadhaa unavyolipwa ajira ikikoma. Ni malipo ya kutambua miaka uliyotumikia, yapo kwenye kifungu cha 42, na kiwango chake cha chini ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10.

Kifungu cha 44 ndo kinataja orodha nzima ya unachotakiwa kulipwa siku ya mwisho: mshahara wa siku ulizofanya kazi ambazo hujalipwa, likizo ambayo ulistahili na hukuchukua, likizo ya mwaka ambao uko katikati, malipo ya notisi kama hukupewa muda wa kuitumikia, kiinua mgongo kama unastahili, na nauli ya kurudi ulikoajiriwa kama inakuhusu. Kwa hiyo mtu akikwambia "mafao yako ni milioni mbili" muulize milioni mbili ya nini na nini, maana kila kipande kina hesabu yake na ukivichanganya kwenye namba moja huwezi kujua kipi kimeliwa.

Nani anapata kiinua mgongo na nani hapati?

Masharti ya kupata ni mawili. La kwanza uwe umetumikia miezi 12 mfululizo kwa mwajiri huyo. La pili mwajiri ndo awe amevunja ajira, sio wewe.

Hata hapo kuna watu wanaachwa nje. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati. Aliyeachishwa kwa sababu ya uwezo, kutoelewana kikazi au kampuni kupunguza watu, akapewa kazi nyingine mbadala akaikataa bila sababu ya maana, naye hapati, na hiyo kazi mbadala inaweza kuwa kwa mwajiri huyo huyo au kwa mwingine. Afu marekebisho ya 2015 yakaongeza aliyefikia umri wa kustaafu na ambaye mkataba wake umeisha wenyewe kwa muda kutimia.

Neno la kushika hapo ni "kihalali". Mwajiri kusema tu umefanya kosa hakukuondolei kiinua mgongo, kosa liwepo kweli na utaratibu wa kukusikiliza ufuatwe. Kama unapinga sababu yenyewe soma swali la siku 30 na 60 huko chini mapema, usisubiri.

## Hesabu ya miaka

Nimefanya kazi miaka 8 na miezi 4, hiyo miezi 4 inahesabiwaje?

Kwenye kiinua mgongo haihesabiwi. Sheria inasema mwaka uliokamilika, kwa hiyo miaka 8 na miezi 4 ni 8, na miaka 8 na miezi 11 nayo ni 8. Inauma lakini ndo ilivyo, labda mkataba wako au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yawe yanasema tofauti, maana sheria imeweka kiwango cha chini tu.

Ndo maana tarehe ya mwisho ya ajira ina uzito. Mwaka wako ukitimia tarehe 10 Julai na umepewa barua ya notisi tarehe 20 Juni ukaambiwa utumikie siku 28, ajira yako inakoma baada ya tarehe 10 kwa hiyo mwaka umekamilika na unahesabiwa. Angalia barua imeandika ajira inakoma lini, usiangalie tarehe ya barua yenyewe.

Ile miezi 4 lakini haipotei kabisa, inarudi kwenye kipande cha likizo kama utakavyoona mbele.

Nina miaka 17 kazini, nalipwa ya miaka 17?

Kwa sheria unalipwa ya miaka 10, yaani siku 70 za mshahara wa msingi, basi. Aliyekaa miaka 10 na aliyekaa 25 wanalingana hapo kama mshahara unalingana. Mimi naona ni ukomo unaowaumiza sana wazee wa viwandani, ila ukikuta makubaliano ya pamoja ya chama chenu yanatoa siku 14 au yanaondoa ukomo, hayo ndo yanafuatwa kwa sababu yanakupa zaidi ya sheria. Kwa hiyo kabla hujakubali siku 70 tafuta nakala ya hayo makubaliano, muulize kiongozi wa tawi, na soma sera ya utumishi ya kampuni.

Mshahara wa siku moja unapatikanaje? Wengine wanagawa kwa 30 wengine kwa 26.

Hili ndo swali linalobeba hela nyingi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ina jedwali lake mwishoni, jedwali la kwanza linalotajwa na kifungu cha 26, na linasema hivi: kupata mshahara wa wiki unagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333, halafu kupata wa siku unagawa wa wiki kwa idadi ya siku unazofanya kazi kwa wiki kwa kawaida.

Ukifanya kazi siku 6 kwa wiki, 4.333 mara 6 ni kama 26. Ukifanya siku 5 inakuwa kama 21.67. Hakuna sehemu 30 inapojitokeza kwenye hilo jedwali, ila ofisi nyingi zinagawa kwa 30 kwa mazoea kwa sababu mwezi una siku 30, na ukigawa kwa 30 siku moja inakuwa ndogo.

Chukua mshahara wa msingi wa sh 780,000 kwa mtu wa siku 6. Kwa 26 siku moja ni sh 30,000, kwa 30 ni sh 26,000. Siku 7 za mwaka mmoja ni sh 210,000 au sh 182,000. Tofauti ya sh 28,000 kwa mwaka mmoja haionekani, izidishe kwa miaka 8 au 10 ndo utaiona.

Posho zinaingia kwenye kiinua mgongo?

Haziingii. Kiinua mgongo kinatumia mshahara wa msingi, na sheria inaeleza wazi kwamba mshahara wa msingi hauhesabu posho, ovataimu, nyongeza ya kufanya kazi Jumapili au sikukuu, wala nyongeza ya usiku. Kwa hiyo kama slipu yako inasema msingi 780,000 na posho ya nyumba 130,000, kiinua mgongo kinapigwa kwenye 780,000, na ni ule mshahara unaolipwa wakati ajira inakoma, sio ule ulioanza nao.

Ila usibebe hilo jibu ukalipeleka kwenye notisi, huko ni tofauti. Soma swali linalofuata.

## Notisi

Notisi ni siku ngapi, na wakitaka niondoke leo leo inakuwaje?

Kama ajira inavunjwa ndani ya mwezi wa kwanza ni siku zisizopungua 7. Baada ya hapo ni siku 4 kwa anayeajiriwa kwa siku au kwa wiki, na siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mkataba unaweza kutoa zaidi, na mikataba mingi ya ofisini inasema mwezi mmoja. Notisi iwe ya maandishi, itaje sababu ya kuvunja ajira na tarehe ilipotolewa.

Wakitaka uondoke leo inaruhusiwa, lakini wakulipe badala ya kukuacha utumikie. Na hapa sheria haisemi mshahara wa msingi, inasema ujira ambao ungeupata kama ungefanya kazi hicho kipindi. Ujira ni pamoja na posho zako za kila mwezi. Kwa hiyo yule wa 780,000 na posho 130,000 mwenye mkataba wa notisi ya mwezi mmoja anadai 910,000. Ofisi nyingi zinaweka 780,000 hapa kwa sababu zimenakili namba ile ile ya kiinua mgongo, sijui ni makusudi au ni uvivu wa kufungua sheria lakini kwa mfanyakazi matokeo ni yale yale.

Wamenipa notisi nikiwa likizo, ni sawa?

Sio sawa. Notisi haitakiwi kutolewa ukiwa kwenye likizo ya sheria hii, wala kutembea sambamba na likizo. Yaani mwajiri hawezi kukwambia "una siku 28 za likizo hujachukua, nenda nazo, zikiisha na notisi imeisha". Hivyo ni vitu viwili na kila kimoja kinalipwa chenyewe. Janja hii inatumika sana kwa sababu inafuta kipande kizima kwenye karatasi bila mtu kuona kama amekatwa.

Nimepewa notisi ya kutumikia lakini sitaki hata kuiona ile ofisi, nikiacha kwenda?

Mwajiri anaruhusiwa kukata kwenye malipo yako ya mwisho kiasi ambacho ungelipwa kwa kipindi hicho ambacho hukuja. Afu kuna hasara nyingine ambayo haionekani haraka, ukitumikia notisi unaendelea kulimbikiza likizo na pengine unakamilisha mwaka kama nilivyoeleza kwenye swali la miaka 8 na miezi 4. Kama mazingira ni mabaya kweli, omba kwa maandishi walipe badala ya utumikie, na upate jibu la maandishi.

## Likizo

Nina likizo sijachukua, inalipwaje?

Kila mzunguko wa miezi 12 unastahili siku 28 mfululizo za likizo ya malipo, na sikukuu ikiangukia humo inahesabiwa ndani. Siku 28 ni za kalenda, yaani wiki 4, kwa hiyo Jumapili zimo. Hapa watu wanachanganya wanachukua siku 28 wanazidisha na mshahara wa siku moja wa kugawa kwa 26, wanapata namba kubwa kuliko mshahara wa mwezi wanaenda kugombana nayo ofisini. Kwa mtu wa siku 6 kwa wiki, wiki 4 zina siku 24 za kazi. Ukibakiza siku 14 za kalenda ni wiki 2, sawa na siku 12 za kazi.

Kwenye mfano wa chini nimetumia mshahara wa msingi kwa likizo ili tuwe upande wa chini kabisa. Kama kila ukienda likizo ulikuwa unalipwa pamoja na posho ya nyumba, idai nayo, onyesha slipu za miezi uliyokuwa likizo.

Na mwaka ambao nimeufanyia miezi minne tu?

Unalipwa kwa uwiano. Sheria inatoa mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi au ulizotakiwa kufanya kazi. Kwa mtu wa siku 6, mwezi una kama siku 26 za kazi, kwa hiyo kila mwezi unakupa siku 2. Ukipiga miezi 12 unapata siku 24, ambazo ndo zile wiki 4 za swali la juu. Hesabu mbili zinakutana, na hiyo ni njia nzuri ya kujua kama hujakosea.

Mzunguko wa likizo unahesabiwa kuanzia tarehe uliyoanza kazi. Kuna ofisi zinatumia Januari mpaka Desemba, sio mbaya, ila hakikisha miezi haijadondoka katikati wakati wa kubadilisha.

Mwenye chini ya miezi 6 kazini kwa kawaida hana haki ya likizo ya malipo, isipokuwa wale wa msimu na wale wanaoajiriwa na kuachwa mara kwa mara na mwajiri huyo huyo ambao jumla yao kwa mwaka inapita miezi 6.

Sijaenda likizo miaka minne, nalipwa yote?

Natamani ningesema ndio. Sheria inataka likizo itolewe ndani ya miezi 6 baada ya mzunguko kuisha, au ndani ya miezi 12 kama umekubali na kuna sababu ya kikazi. Likizo iliyopita muda huo inakuwa ngumu kudai, na mwajiri ndo atakwambia imekufa.

Lakini kabla hujakubali jiulize kwa nini hukwenda. Kama uliomba na ukakataliwa, ile fomu ya maombi, meseji ya bosi "subiri tufunge mahesabu", barua pepe ya kuahirisha, vyote hivyo ni ushahidi kwamba hukuiacha kwa hiari. Vikusanye kabla hujarudisha simu na kompyuta ya ofisi. Ya mzunguko uliopita tu, ambayo iko ndani ya miezi 6, haijafa hata kidogo na usimruhusu mtu akwambie hivyo.

## Mfano mzima, tarakimu kwa tarakimu

Naomba mfano mmoja wa kuunganisha vyote.

Tuchukue mtunza stoo wa kampuni ya samani Dar es Salaam, kaajiriwa hapo hapo Dar kwa hiyo nauli haimhusu. Alianza 1 Machi 2016, kampuni ikapunguza watu na ajira yake ikakoma 30 Juni 2024. Anafanya siku 6 kwa wiki. Msingi sh 780,000, posho ya nyumba sh 130,000, jumla sh 910,000. Mkataba unasema notisi mwezi mmoja, na hawakumpa aitumikie. Kwenye mzunguko wa likizo wa Machi 2023 mpaka Februari 2024 alichukua siku 14, zikabaki 14. Mzunguko mpya alikuwa hajachukua kitu.

Kwanza siku moja ya msingi: 780,000 gawa kwa 26 ni sh 30,000.

Miaka: Machi 2016 mpaka Juni 2024 ni miaka 8 na miezi 4, inahesabiwa 8. Siku 7 mara 8 ni siku 56, mara 30,000 ni sh 1,680,000.

Notisi: mwezi mmoja wa ujira wote, sh 910,000.

Likizo iliyobaki: siku 14 za kalenda ni siku 12 za kazi, mara 30,000 ni sh 360,000. Mzunguko uliisha Februari 2024 na ajira ikakoma Juni, bado iko ndani ya miezi 6.

Likizo ya mwaka mpya: Machi, Aprili, Mei na Juni ni miezi 4, kama siku 104 za kazi, gawa kwa 13 ni siku 8, mara 30,000 ni sh 240,000. Ile miezi 4 iliyodondoka kwenye kiinua mgongo ndo hii imerudi huku.

Mshahara wa Juni alikuwa hajalipwa: sh 910,000.

```
Mshahara wa Juni            910,000
Notisi (mwezi 1)            910,000
Likizo iliyobaki            360,000
Likizo ya miezi 4           240,000
Kiinua mgongo (miaka 8)   1,680,000
-----------------------------------
Jumla kabla ya makato     4,100,000
```

Sasa kwa nini ofisi inaweza kuleta karatasi ya 3,386,000 kwa mtu huyo huyo?

Kwa makosa matatu madogo madogo ambayo nimeyataja juu. Kiinua mgongo wakigawa kwa 30 kinakuwa sh 1,456,000, zimepotea 224,000. Notisi wakiweka msingi tu inakuwa 780,000, zimepotea 130,000. Zile siku 14 wakisema zimekufa, zimepotea 360,000. Jumla sh 714,000, na karatasi bado inaonekana nzuri, ina vichwa vyote, ina muhuri.

Ukipewa karatasi usianze na jumla. Anza na swali moja kwa kila mstari: hapa mmetumia mshahara gani, msingi au wote, na mmegawa kwa ngapi. Ukikuta mistari yote inatumia namba moja ya mshahara ujue kuna mstari umekosewa, kwa sababu kiinua mgongo na notisi havitumii mshahara mmoja kwa mtu mwenye posho.

## Hali ambazo zinasumbua

Nimefukuzwa kwa kosa, sipati chochote?

Unapoteza kiinua mgongo kama kufukuzwa kulikuwa halali, na notisi unaweza kuikosa kama kosa ni la kuvunja ajira papo hapo. Mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo uliyolimbikiza, nauli kama inakuhusu na cheti cha utumishi vinabaki vyako. Likizo uliichuma kabla ya kosa.

Nimeacha kazi mwenyewe.

Kiinua mgongo hakipo, mwajiri hajavunja ajira. Likizo na mshahara wa siku ulizofanya unalipwa, na wewe ndo unatakiwa kutoa notisi. Isipokuwa kama uliacha kwa sababu mwajiri aliyafanya mazingira yasivumilike, mfano miezi inapita bila mshahara. Sheria inaichukulia hiyo kama mwajiri ndo kavunja ajira, ila mzigo wa kuonyesha kwamba hali ilikuwa hivyo unaanzia kwako, kwa hiyo malalamiko ya maandishi uliyopeleka kabla ya kuacha yatakusaidia sana.

Nina mkataba wa miaka miwili.

Ukiisha wenyewe kwa muda wake kiinua mgongo cha kifungu cha 42 hakipo, tangu yale marekebisho ya 2015. Kama mkataba wenyewe umeahidi bakshishi ya mwisho wa mkataba unaidai kwa nguvu ya mkataba. Mwajiri akiuvunja katikati, mfano mwezi wa 14, umeshapita miezi 12 na unahesabiwa mwaka mmoja. Na hapo dai la kiinua mgongo linaweza kuwa ndo dogo, kuna suala la miezi iliyobaki na kama kuvunjwa kulikuwa halali.

Nalipwa kwa kipande, mwezi huu kubwa mwezi ule ndogo, wananihesabia nini?

Unachukuliwa kama unayelipwa kwa wiki, na mshahara wako wa wiki unatokana na ulichopata kwa wiki 13 za mwisho kabla ya hapo, au muda wote uliofanya kazi kama ni mfupi kuliko hizo. Chukua jumla ya wiki 13, gawa kwa 13, halafu gawa kwa siku unazofanya kazi kwa wiki. Kama huna slipu tunza daftari lako la vipande, na miamala ya simu kama ndo ulikuwa unalipwa hivyo.

Msaidizi wa kazi za nyumbani naye anahusika?

Anahusika, sheria ni hiyo hiyo. Binti aliyekaa nyumbani kwako miaka 5 analipwa mshahara wa mwezi kwa hiyo notisi ni siku 28, likizo zipo, na ukimwachisha bila kosa kuna siku 35 za kiinua mgongo. Na huyu mara nyingi ametolewa mkoani, soma swali la nauli.

Niliajiriwa Kigoma nikaletwa Dar, nauli inakuwaje?

Ajira ikikoma sehemu ambayo sio ulipoajiriwa, kifungu cha 43 kinampa mwajiri machaguo: akusafirishe wewe na mizigo yako, au alipie usafiri huo, au akupe posho ya safari isiyopungua nauli ya basi mpaka kituo kilicho karibu na ulipoajiriwa. Pamoja na posho, anatakiwa kukupa hela ya kujikimu kwa siku unazosubiri kusafirishwa. Ndo maana nauli iliyocheleweshwa miezi inaweza kuzaa deni kubwa kuliko kiinua mgongo chenyewe. Kinachoangaliwa ni ulipoajiriwa, sio ulipozaliwa, kwa hiyo mkataba wa kwanza au barua ya ajira ina thamani hapa.

Wanasema nina mkopo wa ofisi na mali imepotea stoo, wanakata yote.

Mkopo uliosaini kwamba ukatwe, sawa, wanakata kulingana na ulichosaini. Hasara ya mali ni habari nyingine. Lazima iwe imetokea kazini kwa kosa lako, wakupe kwa maandishi sababu na hesabu ya kiasi, wakupe nafasi ya kupinga, na makato ya hasara yasizidi robo ya ujira wako. Kukaa tu wakaandika "upotevu wa stoo" na kufuta kiinua mgongo chote, hapana.

Kodi na NSSF vipi?

Milioni 4.1 ya mfano ni kabla ya kodi. Malipo ya kukomeshwa ajira yanahesabika kama mapato ya ajira kwa hiyo kodi ya mshahara inakatwa, dai mchanganuo wa makato nao. Michango yako ya NSSF ni haki tofauti, mwajiri hawezi kusema "utaenda kuchukua NSSF" kama mbadala wa kiinua mgongo.

Wanataka nisaini ndo wanipe hundi, na hesabu sikubaliani nayo.

Jina la karatasi ndo la kusoma. Kama inasema umepokea malipo fulani, saini na uandike kwa mkono pembeni kwamba umepokea lakini hukubaliani na hesabu, taja mstari, weka tarehe, piga picha. Kama inasema umekubali kwamba huna dai lolote tena, hiyo usisaini hapo mezani, omba nakala ukaisome. Mchanganuo wa malipo ni haki yako na hauombwi kama fadhila.

Nina muda gani wa kulalamika?

Unapeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba CMA F1. Ukipinga uhalali wa kuachishwa una siku 30 tangu ajira ikome. Kwa madai mengine, kama hesabu ya likizo au kiinua mgongo, ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Kama unapinga vyote jifunge na 30. Watu wengi wanamaliza huo muda wakizungushwa na ahadi ya "njoo wiki ijayo", na ukichelewa inabidi uombe kwanza kuruhusiwa kufungua nje ya muda na utoe sababu ya kueleweka.

Kwenye ile fomu andika kila dai na kiasi chake kwa mstari wake, kama kile kijedwali cha juu. Usiandike "mafao yangu" ukaacha hapo.

Niko Zanzibar au Kenya, natumia hesabu hii?

Hapana. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 na viwango vyake. Kenya wana Sheria ya Ajira ya 2007, na kifungu cha 40 kinampa aliyepunguzwa kazi malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, na likizo yao ya mwaka ni siku 21 za kazi. Ukiona mtu mtandaoni anasema siku 15 na mwingine anasema siku 7, mara nyingi wote wako sahihi, kila mmoja yuko upande wake wa Namanga.